Vijiko 13 ndani ya chupa moja: sukari iliyogawanywa kwa 100

Ami yangu, mwenye duka dogo la vyombo karibu na Marikiti hapa Mombasa, aliacha kutia vijiko vitatu vya sukari katika chai baada ya daktari kumweleza kwamba kipimo chake cha sukari kwenye damu kimeanza kupanda. Siku hizi anatia kijiko kimoja tu, na hukikoroga taratibu mbele ya watu kama mwenye kutaka mashahidi. Kwa kuwa hunywa vikombe vitatu kwa siku, kimoja na mahamri asubuhi, kimoja alasiri na kimoja baada ya isha, amejipunguzia vijiko sita kwa siku, jambo ambalo si dogo kwa mtu aliyezoea chai tamu kwa miaka 50. Lakini adhuhuri, sahani ya wali na samaki wa kupaka inapoletwa dukani, huja pamoja na chupa ya plastiki ya kola ya mililita 500 iliyotoka kwenye friji, naye huinywa yote kabla barafu ya shingoni haijayeyuka.

Siku moja nilimwuliza kama soda nayo ameitia katika hesabu yake. Alivaa miwani, akaigeuza chupa, akatafuta jedwali dogo lililochapishwa ubavuni.

"Si hii hapa, mwanangu? Sukari gramu kumi nukta sita. Hivyo ni vijiko viwili na nusu, au nimekosea?"

Katika kugawa hakukosea. Kijiko cha chai kilichosawazishwa juu hubeba takriban gramu 4 za sukari, na 10.6 ukigawa kwa 4 unapata 2.65. Alikosea mahali pamoja tu, napo ni pale ambapo wasomaji wengi wa lebo hukosea: alidhani kwamba 10.6 ni sukari ya chupa aliyoishika, ilhali ni sukari ya mililita 100, yaani ya sehemu moja ya tano ya chupa hiyo. Juu kabisa ya jedwali, kwa herufi ndogo kuliko tarakimu zenyewe, imeandikwa kwamba vipimo vyote vilivyo chini ni vya kila mililita 100. Chupa ina mililita 500. Kwa hiyo hesabu kamili ni 10.6 × 5 = 53, na gramu 53 ukizigawa kwa 4 unapata vijiko 13 na robo. Vijiko sita alivyovipunguza katika chai vilirudi vyote kabla chupa haijafika nusu, na nusu ya pili ilikuwa nyongeza.

Tunapozungumzia sukari iliyofichwa katika soda, mara nyingi tunasema kana kwamba kuna mtu aliyedanganya. Mimi sioni uongo katika jedwali lile. Kila tarakimu ni ya kweli, na aliyeichapisha hana la kujibu mahakamani. Sukari haikufichwa kwa kunyamaziwa, imefichwa kwa kugawanywa. Imetolewa katika kipimo ambacho hakuna mtu anayekitumia, kwa sababu hakuna anayeingia dukani akaomba auziwe mililita 100 za soda, kisha msomaji akaachiwa kazi ya kuzidisha akiwa amesimama juani na kiu.

Kipimo cha mililita 100 kina sababu yake, na sababu hiyo ni nzuri. Kinamwezesha mnunuzi kulinganisha kinywaji na kinywaji bila kujali ukubwa wa chupa. Ukikuta kola yenye gramu 10.6, soda ya tangawizi yenye gramu 8 na soda ya machungwa yenye gramu 12, unajua papo hapo ipi ni tamu zaidi, hata kama moja iko katika kopo na nyingine katika chupa ya lita mbili. Tatizo ni kwamba kulinganisha vinywaji ni swali moja, na kujua umekunywa sukari kiasi gani ni swali jingine, nalo jedwali linajibu la kwanza huku msomaji akidhani limejibu la pili.

Kuna chupa ambazo zina safu ya pili pembeni mwa ile ya mililita 100, yenye vipimo vya kile kinachoitwa mgao mmoja. Mtu angetarajia kwamba mgao mmoja wa chupa ya mililita 500 ni chupa hiyo yenyewe, maana ina kifuniko kimoja na hunywewa na mtu mmoja. Mara nyingi sivyo. Mgao unahesabiwa kuwa mililita 250, na chupa inahesabiwa kuwa na migao miwili. Basi katika safu hiyo utasoma gramu 26.5, ambazo ni vijiko sita na zaidi kidogo, na kando yake huenda ukakuta asilimia 29. Chupa ni ile ile, na sasa tuna tarakimu nne juu yake: 10.6, 26.5, asilimia 29, na 53. Ile ya mwisho, ambayo ndiyo inayoingia mwilini mwa ami, ndiyo pekee isiyochapishwa.

Hiyo asilimia 29 inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko tarakimu nyingine, kwa sababu asilimia haina maana mpaka ujue ni asilimia ya nini. Bidhaa zinazofuata utaratibu wa Umoja wa Ulaya hupima sukari dhidi ya kiasi cha rejea cha gramu 90 kwa siku, na gramu 26.5 ni asilimia 29 ya hizo 90. Lakini gramu 90 ni za sukari yote, ikiwemo ile iliyomo ndani ya maziwa na ndani ya tunda zima lisilokamuliwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linazungumzia kitu tofauti, nacho ni sukari huru: sukari inayotiwa na kiwanda, na mpishi au na mlaji mwenyewe, pamoja na ile ya asali, ya shira na ya juisi ya matunda. Hiyo, linasema, isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 50, na asilimia 5 ni gramu 25. Sukari ya soda yote ni sukari huru, kwa hiyo kipimo kinachoifaa ni hiki cha pili. Ipime chupa nzima ya ami kwa gramu 90 na utapata asilimia 59, ambayo inamwachia nafasi ya kutosha. Ipime kwa gramu 50 na utapata asilimia 106, yaani siku yake imekwisha saa saba mchana, kabla ya chai ya alasiri na kile kijiko kimoja cha mashahidi.

Vipi kama jedwali halina mstari wa sukari? Hutokea, hasa kwa chupa zenye lebo nyembamba, ambapo unakuta nishati na wanga tu. Kwa soda ya kawaida hilo si kikwazo kikubwa. Wanga wote uliomo ndani ya soda ni sukari, kwa hiyo mstari wa wanga unasomwa kama mstari wa sukari. Na hata ukikuta nishati peke yake, bado kuna njia, kwa kuwa gramu moja ya sukari hutoa kilokalori 4 na kijiko kina gramu 4: gawa kilokalori za chupa kwa 16, utapata vijiko. Kola ya mfano wetu ina kilokalori 42 kwa kila mililita 100, yaani 210 kwa chupa, na 210 ukigawa kwa 16 unapata 13. Angalia tu usije ukachukua kilojuli ukidhani ni kilokalori, maana zimeandikwa pamoja na kilojuli ndizo huja mbele: ukiizidisha kwa tano ile 180 iliyotangulia 42, kisha ukagawa kwa 16, utapata vijiko zaidi ya 50 na kumtia mtu hofu ya bure. Tena njia hii haifai kwa kinywaji chenye maziwa au kimea, kwa sababu huko nishati nyingine inatoka kwenye mafuta, protini, au wanga usio sukari.

Nimesema kijiko kina gramu 4, na hapo bibi yeyote wa Mji wa Kale ana haki ya kunikatiza. Kijiko kipi? Kijiko cha wataalamu wa lishe kina ujazo wa mililita 5 na kimefutwa juu kwa kisu, kikawa sawasawa. Kijiko cha nyumbani kwetu hutumbukizwa ndani ya kopo la sukari na kutoka na kilima juu yake, na kilima hicho chaweza kuwa na sukari karibu sawa na iliyo chini yake. Nilipima vijiko 10 vya aina hiyo jikoni kwetu kwa mizani ya kupimia unga, nikapata gramu 71, yaani gramu 7 kwa kila kijiko. Kwa kijiko cha nyumbani kwetu, basi, chupa ya ami ina vijiko saba na nusu tu, si 13.

Hili si jambo la kupuuza, kwa sababu linaigeuza hesabu ya ami yenyewe. Kama vijiko vyake vya chai vilikuwa na vilima, sukari aliyoacha kutia haikuwa gramu 24 bali ni kama gramu 42, na pongezi zake ziongezwe. Hata hivyo 42 bado haifiki 53. Ndiyo maana napendelea mtu apime vijiko vyake 10 mara moja, agawe kwa 10, kisha aitumie tarakimu hiyo siku zote. Hesabu ya vijiko ina thamani pale tu kijiko cha soda na kijiko cha chai vinapokuwa kijiko kimoja.

Kutozingatia hilo, pamoja na kutozingatia ukubwa wa chupa, ndiko kunakozaa zile picha zinazosambazwa kwenye simu, zenye chupa upande mmoja na rundo la sukari upande wa pili, chini yake pameandikwa kwamba soda moja ina vijiko 10. Tarakimu hiyo ina asili yake. Kopo la kola la Marekani lina mililita 355 na gramu 39 za sukari, na 39 ukigawa kwa 4 unakaribia 10. Ni hesabu sahihi ya chombo ambacho hatukinywi sana hapa. Chupa ya kioo ya mililita 300, ile ya kurudisha kwenye kreti, ikiwa na kola ya gramu 10.6 ina gramu 31.8, sawa na vijiko 8. Chupa ya plastiki ya mililita 500 ina 13. Picha ya vijiko 10 inaitia chumvi chupa ndogo na kuipunguzia kubwa, na kwa kuwa chupa kubwa ndiyo yenye kudhuru zaidi, kosa lake limeegemea upande usiofaa. Mtu anayetaka kuonya wenzake angefaa kwanza aisome chupa anayoipiga picha.

Kusoma kunahitajika pia kwa sababu ladha haiwezi kutusaidia. Kikombe cha chai cha mililita 200 chenye vijiko vitatu vilivyosawazishwa kina gramu 12, yaani gramu 6 kwa kila mililita 100. Ili chai hiyo ifikie kola, ungelazimika kutia vijiko vitano na zaidi katika kikombe kimoja. Mgeni akipewa chai ya namna hiyo atakiweka kikombe chini na kuuliza kwa adabu kama kuna harusi. Mgeni huyo huyo atamaliza soda yenye utamu uleule na kuomba nyingine.

Wanaotengeneza maji ya ukwaju wanaijua siri hii bila ya kufundishwa. Ukiyaloweka ukwaju, ukayachuja na kuyaonja kabla ya sukari, uso wote unajikunja. Unatia sukari, bado chachu. Unatia tena, yanaanza kunyweka. Na kufikia pale yanapokuwa mazuri umekwisha kutia sukari ambayo ungeitia katika maji matupu yangekuwa shira. Ukali na utamu hufunikana. Kola hufanya vivyo hivyo kwa asidi ya fosforasi, na soda za machungwa na za ndimu kwa asidi ya sitriki. Juu ya asidi kuna ubaridi, ambao huutia ulimi ganzi kwa utamu, na kuna gesi, ambayo huongeza ukali na mchomo. Anayetaka kuonja kilichomo kweli aiache soda mezani usiku kucha bila kifuniko, mpaka gesi iishe na joto la Mombasa liifikie, kisha aionje asubuhi. Nimeonja. Ni shira yenye rangi.

Wala macho hayasaidii. Wengi hudhani kwamba sukari nyingi ingeonekana, ingetuama chini au ingefanya maji yawe mazito. Lakini lita moja ya maji ya joto la kawaida inaweza kuyeyusha karibu kilo mbili za sukari, kwa hiyo gramu 53 katika nusu lita ni kidogo mno kuonekana.

Nirudi kwenye jedwali, kwa sababu hapo ndipo lawama yangu ilipo, na ni lawama inayoweza kurekebishwa kwa wino tu. Chupa inayofunguliwa na mtu mmoja na kumalizwa na mtu huyo huyo ingepaswa kubeba tarakimu ya chupa nzima. Hoja hii imekwisha kukubaliwa kwingine. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilibadilisha kanuni zake mwaka 2016, ikaagiza kwamba chupa ya soda ya wakia 20, ambayo ni mililita 591, ihesabiwe kuwa mgao mmoja, kwa kuwa watu hawaigawi. Kanuni hizo hizo zikatenga mstari maalumu wa sukari iliyoongezwa, na kuupima dhidi ya gramu 50 kwa siku. Mmarekani mwenye chupa yake mkononi hahitaji kuzidisha chochote. Ami anahitaji kuzidisha kwa tano, na kabla ya hapo anahitaji kujua kwamba anatakiwa kuzidisha.

Watengenezaji watasema kwamba tarakimu ya mililita 100 inatosha kwa anayetaka kuitumia, na kwamba safu zikizidi lebo itajaa. La kwanza lina ukweli. La pili silikubali, maana lebo ile ile ina nafasi ya zawadi zilizo chini ya kifuniko na tarehe ya mwisho ya shindano. Mstari mmoja unaosema chupa hii ina gramu 53 za sukari ungechukua nafasi isiyozidi urefu wa kidole.

Pamoja na hayo, tarakimu ya mililita 100 imeonyesha nguvu yake pale ilipounganishwa na kodi. Uingereza, kuanzia Aprili 2018, iliweka ushuru wa vinywaji wenye ngazi mbili: moja inaanzia gramu 5 kwa kila mililita 100, nyingine gramu 8. Watengenezaji wengi waliharakisha kupunguza sukari ili washuke chini ya 5, huku kola maarufu zikibaki zilivyo na kulipa. Afrika Kusini mwezi huo huo ilichagua njia nyingine, ikitoza kila gramu inayozidi 4 katika mililita 100. Tofauti ya njia hizi inaonekana ukitazama anayepunguza kidogo: mwenye kinywaji cha gramu 10.6 akikishusha hadi 9, Uingereza haimpi nafuu yoyote, na Afrika Kusini inampa.

Kupunguza huko ndiko kunakonifanya nionye juu ya tarakimu yangu mwenyewe. Vijiko 13 ni vya kola isiyopunguzwa. Siku hizi zipo soda ambazo nusu ya utamu wake ni sukari na nusu ni vionjo vitamu visivyo sukari, kama vile sukralozi au aspatemu, na ulimi hauzitofautishi vizuri. Soda ya gramu 5 katika chupa ya mililita 500 ina vijiko sita na robo. Jina na rangi ya chupa vinaweza kubaki vilevile na kilichomo kikabadilika, au jina moja likawa na vipimo tofauti katika nchi mbili. Kwa hiyo tarakimu iliyokaririwa haifai. Inayofaa ni ile iliyo kwenye chupa iliyo mkononi.

Na kwa wanaodhani kwamba kuhama soda kwenda juisi ni kutoka katika hesabu hii, sivyo. Juisi halisi ya machungwa isiyotiwa chochote ina gramu 8 hadi 10 kwa kila mililita 100, na maji ya miwa yanayokamuliwa barabarani kwa kawaida huizidi kola. Madafu ndiyo yenye unafuu wa kweli, kwa kuwa sukari yake ni gramu 3 hivi.

Nilipomwonyesha ami hesabu hii, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani ya duka na kutoka na chupa ya kioo ya mililita 300 aliyotaka kuirudisha kwenye kreti. "Hii je?" akaniuliza. "Isomee."

Sikuweza kuisoma. Chupa ile ilikuwa na jina lililopakwa kwa rangi juu ya kioo, na jedwali haikuwa nalo. Zile chupa za kurudisha, zinazozunguka kutoka dukani hadi kiwandani na kurudi, hazina karatasi ya kubandikwa, na hii haikunipa tarakimu hata moja ya kuanzia.

Lakini alikuwa na mizani ya kielektroniki, maana anauza vyombo vya jikoni, na mizani inaweza kusoma kile ambacho chupa haikuandika. Gramu moja ya sukari ikiyeyuka ndani ya maji huchukua nafasi ya mililita 0.6 hivi. Inasukuma maji ya gramu 0.6, yenyewe inaleta gramu 1, na kwa hiyo inaacha uzito wa ziada wa takriban gramu 0.4. Ukipima ujazo uleule wa maji na wa soda, tofauti ya uzito ikizidishwa kwa 2.6 inakaribia sana kuwa gramu za sukari. Asidi na rangi zilizomo ni kidogo mno kubadilisha jibu. Gesi ndiyo inayoharibu, kwa sababu viputo hujaza nafasi bila uzito, na lazima itolewe yote. Joto nalo lazima lilingane, maana kioevu cha baridi ni kizito kuliko cha vuguvugu, na soda ya friji ikipimwa dhidi ya maji ya bombani itatoa jibu kubwa kuliko ukweli.

Tulifungua chupa mbili za soda ile ile, tukazimimina ndani ya bakuli, tukazikoroga na kuziacha usiku kucha pamoja na jagi la maji, ili vyote viwe na joto moja. Asubuhi tuliichukua chupa tupu, tukapiga mstari wa kalamu shingoni, mahali soda ilipokuwa imefika ilipotoka dukani. Shingo ni nyembamba, kwa hiyo hata mkono ukikosea kidogo, matone yanayozidi au kupungua ni machache. Tulijaza maji hadi kwenye mstari, tukapima. Tukaimwaga, tukaisuuza kwa soda kidogo, tukajaza soda hadi mstari ule ule, tukapima tena. Soda ilizidi maji kwa gramu 12. Kumi na mbili mara 2.6 ni gramu 31 na kitu, karibu vijiko 8, na kwa kuwa mizani ile haisomi chini ya gramu moja, jibu linaweza kupotoka kwa zaidi ya nusu kijiko juu au chini.

Ami alirudia upimaji mara mbili bila kuniamini, akapata 12 na 13. Kisha akachukua kalamu ya kuandikia bei na kuandika 8 kwenye kioo, chini ya ule mstari wa shingoni, akairudisha chupa ndani ya kreti pamoja na nyingine.